A ya kwaya imeshusha GPA ya binti yangu. Hesabu hii inakubalika vipi?

#1 MamaNeema_TX
Habari zenu wadau. Naomba mnisaidie, nimezunguka na jambo hili wiki nzima.

Binti yangu yuko darasa la 10, shule ya serikali hapa Texas. Muhula wa kwanza alikuwa na masomo sita na kipindi kimoja cha kujisomea. Muhula wa pili kile kipindi akakibadilisha na kwaya, maana anaimba kanisani tangu mdogo. Masomo sita yamebaki yaleyale, gredi zilezile, na kwaya akapata A. Nikajua GPA, yaani wastani wa gredi zake, itapanda, au basi itabaki palepale. Nafungua potali ya shule nakuta muhula wa kwanza 4.25, muhula wa pili 4.21.

Gredi zake hizi hapa:

Historia ya dunia ya AP: A
Kompyuta ya AP: B
Kemia ya H: A
Hesabu ya H: B
Kiingereza cha H: A
Kihispania cha kawaida: A
Kwaya: A

AP ni masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, na H ni yale masomo ambayo transkripti inayaandika Honors. Sasa pembeni kuna safu nyingine, Unweighted GPA, hiyo imepanda kutoka 3.67 hadi 3.71. Mtoto mmoja, karatasi moja, safu moja inapanda na nyingine inashuka. Mshauri wa shule kaniambia "mama ni kawaida, kwaya haina nyongeza" halafu akamwita anayefuata. Ukawaida wake ni upi? Na chuo kitaangalia safu ipi?

#2 Pwani_Halisi
Naweka kiti hapa mbele. Mimi nimesoma Tanga na nimefundisha Mombasa, sijawahi kusikia A inayomrudisha mtu nyuma.

#3 Mzee_wa_Mlimani
Salaam. Hili ni suala la uniti, msimsumbue mama wa watu. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kila kozi ilikuwa na uniti zake. Unachukua pointi za gredi, unazidisha kwa uniti, unajumlisha zote, halafu unagawa kwa jumla ya uniti. Kozi ya uniti 3 inakuvuta zaidi ya kozi ya uniti 2. Muulize binti kwaya ina uniti ngapi, jibu utalipata hapohapo. Ila kwa 4.25 First bado, inaanzia 4.4. Akaze kidogo.

#4 Kamau_wa_Dallas
Mzee shikamoo, lakini huyo ni mtoto wa sekondari, si wa chuo. Na hapa skeli ni ya 4, si ya 5. Yeye tayari amevuka juu ya skeli 😂

#5 Mzee_wa_Mlimani
Marahaba. Anavukaje skeli? Skeli ikivukwa si skeli tena.

#6 Mwalimu_Kikokotoo
Nafundisha hesabu sekondari, Minnesota. Mzee ameuliza swali lenyewe hasa, ngoja nianze na hilo.

GPA tupu, ile ya Unweighted, haijali somo ni gumu au jepesi. A ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni 0. Ukipata A kila mahali una 4.00 na huwezi kwenda juu ya hapo. GPA ya nyongeza inatumia gredi hizohizo, ila somo likiwa gumu linaongezewa pointi. Wilaya nyingi za shule, na inaonekana ya kwenu pia, AP wanaongeza pointi 1 nzima na H wanaongeza nusu. Kwa hiyo A ya AP ni 5, A ya H ni 4.5, na A ya Kihispania cha kawaida inabaki 4. Ndipo mtu anapovuka 4.

Muhula wa kwanza wa Neema, masomo sita: historia 5, kompyuta 4 (ni B, 3 na 1), kemia 4.5, hesabu 3.5, Kiingereza 4.5, Kihispania 4. Jumla 25.5. Gawa kwa 6, ni 4.25.

Muhula wa pili ongeza kwaya, A isiyo na nyongeza, 4. Jumla 29.5, gawa kwa 7, ni 4.21.

Kwaya imeleta 4 kwa mtoto ambaye wastani wake ulikuwa 4.25. Chochote kilicho chini ya wastani kinauvuta chini, hata kama ndicho kikubwa kabisa ambacho somo hilo linaweza kutoa. Upande wa GPA tupu alikuwa na 22 kwa masomo 6, yaani 3.67. Kwaya imeleta 4 ileile, na 4 iko juu ya 3.67, kwa hiyo ikapandisha: 26 kwa 7 ni 3.71. Potali haijakosea hata kidogo.

Na kwa Mzee: uniti ni jambo jingine. Kule Mlimani uniti unazizidisha juu na unazigawia chini. Mwenye A tupu anabaki na 5.0 hata kozi ziwe na uniti za namna gani, na hakuna A inayoweza kumshusha. Hapa nyongeza inawekwa juu peke yake, na chini unagawa kwa idadi ileile ya masomo. Ndiyo maana dari linapasuka.

#7 Mzee_wa_Mlimani
Hapo nimekuelewa mwalimu. Lakini basi hiyo si haki. Mtoto aliyekaa bure kipindi kizima anamzidi aliyeimba.

#8 Mwalimu_Kikokotoo
Ndivyo ilivyo, Mzee. Kwenye hesabu hiyo kipindi cha kujisomea hakina gredi, hakiingii popote. Watoto wameshaligundua hilo siku nyingi.

#9 Dkt_Mtarajiwa
Mama Neema usihangaike. Vyuo vya Marekani haviangalii kabisa GPA ya nyongeza. Wanaivua yote, wanabaki na GPA tupu. Nina rafiki alifanya kazi ofisi ya udahili. Kwaya iendelee.

#10 Kamau_wa_Dallas
@Dkt_Mtarajiwa usimdanganye mama wa watu wa Texas. Vipo vyuo vinavyoivua, ni kweli, lakini hapa kuna sheria ya mwaka 1997: mwanafunzi akiwa ndani ya asilimia 10 za juu za darasa lake anapokelewa moja kwa moja vyuo vikuu vya serikali. UT Austin pia. Na hizo nafasi za darasani shule nyingi zinazipanga kwa GPA ya nyongeza. Kwa hiyo hata chuo kikiivua, foleni ilishapangwa nayo.

#11 Shangazi_Tausi
Kamau, UT Austin si 10. Bunge lao mwaka 2009 liliwaruhusu kuweka ukomo, kwa miaka kadhaa ikawa 6, na kwa wanaoanza masomo vuli ya 2026 walitangaza 5. Vyuo vingine vya serikali bado ni 10.

#12 Kamau_wa_Dallas
Asante shangazi, ni 5. Basi ndiyo inabana zaidi. Darasa la watoto 600, asilimia 5 ni watoto 30. Pale juu watoto wamebanana, wanatofautiana kwa sehemu ya mia. Hiyo 0.04 ya Neema inaweza kuwa watu kadhaa.

Nieleze ya kwangu. Kijana wangu alikuwa anapiga tarumbeta kwenye bendi ya shule. Darasa la 11 tukamtoa, mimi ndiye niliyeshikilia, tukamuweka fizikia ya AP ili apate ile pointi. Alipata C. C ya AP ni 3 kwenye safu ya nyongeza. Bendi alikuwa na A kila muhula, ambayo ni 4. Kwenye GPA tupu ni kubaya zaidi, C ni 2. Ile pointi moja inaziba shimo la gredi moja tu. Ukishuka gredi mbili umepoteza kotekote.

#13 Pwani_Halisi
Pole kaka. Na tarumbeta iko wapi sasa?

#14 Kamau_wa_Dallas
Iko chumbani kwake, anaipiga saa tano usiku. Majirani wanajua ratiba.

#15 BabaBaraka_Clarkston
Wakuu habari. Huku Georgia tulipata mshangao wa upande wa pili, nauweka hapa kwa faida ya wenye watoto huku.

Mpwa wangu alimaliza na 3.2 kwenye karatasi ya shule. Tukajua HOPE ameipata, maana HOPE inataka 3.0. Ule ni ufadhili wa serikali ya jimbo unaotoka kwenye bahati nasibu, ulianza 1993. Kuingia akaunti yake ya GAfutures, tovuti ya jimbo ya ufadhili, tukakuta GPA ya HOPE ni 2.9. Tulidhani ni kosa la kompyuta.

Kumbe wao hawachukui namba ya shule. Wanachukua masomo ya msingi tu: Kiingereza, hesabu, sayansi, masomo ya jamii na lugha ya kigeni. Michezo, upishi, muziki vinaachwa nje. Kisha wanavua nyongeza yote ambayo shule iliweka. Halafu wanaweka ya kwao, nusu pointi tu, kwa AP, kwa IB, ule mpango wa kimataifa wa masomo, na kwa kozi za chuo anazosoma akiwa sekondari, na hairuhusiwi gredi kupita 4. Masomo ya H hawayaongezei kitu. Mpwa wangu alikuwa na AP moja tu na H tano. B yake ya baiolojia ya AP shuleni ilikuwa 4, kwa HOPE ikawa 3.5. Zile B za H shuleni zilikuwa 3.5, kwa HOPE zikawa 3. Ndipo 3.2 ilipoyeyukia.

Kwa hiyo jamani wenye watoto wa darasa la 9 na 10 Georgia, fungueni GAfutures sasa hivi, msisubiri mwaka wa mwisho.

#16 Dkt_Mtarajiwa
Si ndicho nilichosema? Wanaivua.

#17 Mwalimu_Kikokotoo
@Dkt_Mtarajiwa umesema nusu. Wanaivua ya shule, halafu wanavaa ya kwao. Ndiyo maana swali la "chuo kinaangalia ipi" halina jibu moja. Ukitaka kujua, unauliza chuo hicho au mfuko huo.

#18 Kijana_wa_Raleigh
Shikamooni wakubwa. Mimi nimemaliza sekondari North Carolina, dada yangu alinitangulia. Nyumbani alikuwa anatajwa kila siku, "dada yako alifika namba fulani". Kumbe huku bodi ya elimu ya jimbo ilibadilisha. Walioingia darasa la 9 kuanzia mwaka wa masomo 2015–16, AP ikawa pointi 1 na H ikawa nusu. Kabla ya hapo AP ilikuwa pointi 2 na H pointi 1. Dada yangu A moja ya AP ilikuwa 6. Mimi A hiyohiyo, 5. Mama aliposikia alinyamaza kidogo halafu akasema "bado ungeweza kujitahidi".

#19 Pwani_Halisi
Mama ni mama popote alipo 😂

#20 Salma_Minneapolis
Naomba kuuliza kidogo. Mtoto wangu akipata 5 kwenye mtihani wa AP wa mwezi wa tano, hiyo ndiyo inaingia kama 5 kwenye GPA? Maana mwenzangu kazini aliniambia hivyo.

#21 Kijana_wa_Raleigh
Hapana dada Salma, ni 5 mbili tofauti. Ule mtihani wa Mei unasahihishwa nje ya shule, unatoa 1 hadi 5, na majibu yanatoka Julai shule ikiwa imefungwa. GPA inachukua gredi aliyopewa na mwalimu darasani. Unaweza kupata A darasani ukala 2 kwenye mtihani, na GPA yako haigusi hiyo 2. Ule mtihani kazi yake kubwa ni chuo kukupunguzia kozi.

#22 Salma_Minneapolis
Asante mdogo wangu.

#23 Mwalimu_Kikokotoo
Nyongeza ndogo kwa Salma: zipo shule zinazosema asiyefanya mtihani wa Mei hapewi ile pointi. Alama ya mtihani haiingii, ila kuufanya ni sharti. Soma kijitabu cha shule yenu.

#24 Shangazi_Tausi
Mimi niko California, wanangu wawili wamepita kwenye mfumo wa UC, yaani Berkeley, Los Angeles, Davis na wenzao. Mama Neema, kama binti atafikiria huku, ngoja nikuonyeshe wanavyoifanya, utashangaa kwaya inavyokaa.

UC wanatafuta wastani wenyewe kwa masomo ya darasa la 10 na la 11. Darasa la 9 ni lazima awe amefaulu ila gredi zake hazimo kwenye hesabu. Alama za kujumlisha na kutoa hawazijali, A kasoro ni A. Wanatoa pointi 1 ya nyongeza kwa gredi C na kuendelea, lakini kwa ukomo: mihula minane tu, na katika hiyo mihula minne tu ndiyo inaweza kutoka darasa la 10. Na kwa mwombaji anayetoka jimbo jingine, H za shule yake hazipati kitu. AP na IB ndizo zinazopata.

Sasa chukua muhula wa Neema. Historia ya AP 5, kompyuta ya AP 4. Kemia inarudi 4, hesabu inarudi 3, Kiingereza kinarudi 4, Kihispania 4. Jumla 24 kwa 6, ni 4.00. Weka kwaya, wakiipokea kwenye kundi la sanaa: 28 kwa 7, ni 4.00. Haikumpandisha, haikumshusha. Na AP zake mbili kwa mihula miwili tayari zimejaza ile minne ya darasa la 10. Angebeba AP ya tatu mwaka huu kwa ajili ya UC angebeba mzigo wa bure kwenye wastani.

Kiwango cha chini cha kuomba ni 3.4 kwa wa nje, 3.0 kwa wakazi wa California. Hicho ni cha kuruhusiwa kuomba tu, kupokelewa ni habari nyingine kabisa.

#25 MamaNeema_TX
Asanteni sana, nasoma kila jibu. Shangazi, kwa hiyo mtoto huyuhuyu ana 4.21 shuleni, 3.71 safu ya pili, na 4.00 California?

#26 Shangazi_Tausi
Ndiyo mama. Na gredi hazijabadilika hata moja.

#27 MtotoWaBukavu
Jambo ndugu zangu. Mimi niko Louisville, Kentucky. Tulitoka kambi ya Nyarugusu. Nasoma uzi huu moyo unaniuma kidogo, acha niseme.

Mdogo wangu alifika hapa na miaka 16. Walimuweka kwenye madarasa ya Kiingereza cha wageni, vipindi viwili kwa siku. Hayo hayana nyongeza. Hesabu ya kambini haikutambuliwa, akaanzishwa aljebra ya mwanzo, nayo haina nyongeza. Mtoto akapata A kila somo kwa mwaka mzima. GPA tupu 4.00. GPA ya nyongeza 4.00. Nafasi darasani: 61. Akaniuliza, "kaka, kuna A gani nyingine ambayo sijapata?" Nilikosa la kumjibu.

Mwanzo wa mwaka alikuwa ameomba AP ya kemia, wakasema asubiri Kiingereza chake kikae sawa. Wenzake walizikusanya zile pointi tangu darasa la 9. Yeye mlango ulifunguliwa darasa la 12, na wakati huo wastani wake una masomo mengi nyuma, AP mbili zikaushtua kidogo tu.

#28 Mwalimu_Kikokotoo
Ndugu yangu pole, na mdogo wako hongera. Nakutana na watoto kama huyo kila mwaka. Wakati wa maombi ya chuo, barua ya mshauri wa shule ieleze wazi alifika lini na aliwekwa madarasa gani bila hiari yake. Maofisa wengi wa udahili wanasoma transkripti somo kwa somo pamoja na orodha ya masomo ambayo shule inatoa. Nafasi ya 61 bila maelezo inasomeka vibaya. Ikiwa na maelezo inasomeka tofauti.

#29 Pwani_Halisi
Lakini mwalimu, tukiacha maelezo, mfumo wenyewe una maana gani? Chukua watoto wawili. Mmoja anasoma masomo ya kawaida sita, A zote. Mwingine AP sita, B zote. Kwa hesabu yako wote 4.00 kwenye nyongeza. Kwenye tupu mmoja 4.00, mwingine 3.00. Nani kasoma?

#30 Mwalimu_Kikokotoo
Hapo sina hesabu ya kukupa. Nyongeza iliwekwa ili mtoto asikimbie somo gumu kwa kuogopa B. Bila nyongeza, mwenye akili ya kuvizia anachukua mepesi yote na kuwa wa kwanza. Nimewaona. Kwa hilo nyongeza imesaidia. Lakini kusema ugumu wa AP ni pointi 1 kamili, wala si 0.6 wala 1.3, hilo ni chaguo la kikao cha bodi. North Carolina waliamka wakaikata nusu, somo halikuwa jepesi siku hiyo.

#31 Mzee_wa_Mlimani
Hata sisi Tanzania tulichezewa. Kidato cha nne wa 2014 walipangwa kwa GPA, kukawa na Distinction na Merit. Mwaka 2016 waziri wa elimu Ndalichako akarudisha divisheni. Mjukuu wangu ana cheti cha namna ile, kila anapoomba kazi anaulizwa hii ni divisheni ngapi.

#32 Pwani_Halisi
Na divisheni pointi zikiwa chache ndiyo umefaulu. Mpelekee Mmarekani hiyo uone.

#33 Dkt_Mtarajiwa
Turudi kwenye mada. Mimi bado nasema kosa ni la wilaya ya shule. Hesabu inaweza kuandikwa ili kwaya isimuumize mtoto.

#34 Mwalimu_Kikokotoo
Hapo @Dkt_Mtarajiwa umepiga penyewe. Zipo wilaya zinazofanya hivyo. Wanatafuta GPA tupu kwanza, halafu kila muhula wa AP aliofaulu wanamuongezea kiasi kidogo pembeni, baada ya kugawa. Kwa njia hiyo Neema angekuwa na 3.67 na zawadi yake ya AP mbili, kisha 3.71 na zawadi ileile. Kwaya ingempandisha kwenye safu zote mbili. Wengine wanaiacha njia ya kugawa kama ilivyo, ila wanaruhusu sanaa na michezo ziandikwe "amefaulu" bila pointi. Na wengine wanaziondoa kabisa sanaa kwenye hesabu ya nafasi.

Mama Neema, kabla hamjaamua lolote, tafuta kijitabu cha wilaya yenu kinachoeleza kozi. Angalia sehemu ya nafasi ya darasani peke yake, usiishie kwenye sehemu ya GPA.

#35 Kamau_wa_Dallas
Na uulize kama kwaya ya juu kabisa ya shule ina H. Kwetu ipo, wale wanaoshinda majaribio wanaandikiwa H na wanapata nusu yao. Pia kuna nadharia ya muziki ya AP, ila hiyo zaidi ni kusoma nota na kusikiliza, si darasa la kwaya.

#36 Shangazi_Tausi
Mie ningemwacha aimbe hata bila H.

#37 Kamau_wa_Dallas
Shangazi wewe UC wanakufanyia 4.00 kwa 4.00, una raha. Sisi huku tunahesabu watu 30.

#38 Shangazi_Tausi
Wewe ulihesabu ukaishia na C ya fizikia na tarumbeta ya saa tano.

#39 Kamau_wa_Dallas
😂😂 Nimekubali.

#40 MamaNeema_TX
Nimekipata kijitabu. Mwalimu umenifungua macho. Sehemu ya nafasi ya darasani inasema wanahesabu Kiingereza, hesabu, sayansi, masomo ya jamii na lugha nyingine tu. Kwaya haimo kabisa! Kumbe ile 4.21 ya potali siyo inayopanga nafasi, kuna namba ya tatu ambayo potali haionyeshi. Kwaya iko salama.

Ila sasa kompyuta ya AP. Kijitabu hakiitaji popote kwenye orodha hiyo. Imo au haimo?

#41 Mwalimu_Kikokotoo
Ikiwemo, ni masomo sita, 25.5 kwa 6, unarudi 4.25. Isipokuwemo, ni matano: 5, 4.5, 3.5, 4.5 na 4. Jumla 21.5, gawa kwa 5, ni 4.30. Yaani B ya AP yenye nyongeza nzima ndiyo inayomshusha.

#42 Mzee_wa_Mlimani
Sasa AP nayo inashusha?

#43 Mwalimu_Kikokotoo
Ni 4, Mzee, kama ile ya kwaya. Na wastani wa hayo matano uko juu ya 4.

#44 Kamau_wa_Dallas
Kwetu kompyuta inahesabiwa. Wilaya ya jirani, barabara tu imetutenganisha, haihesabiwi. Muulize mshauri akuandikie kwa barua pepe, asikujibu kwa mdomo.

#45 MamaNeema_TX
Jumatatu naenda. Nitawaletea jibu.

#46 Salma_Minneapolis
Nami naomba kujua, kozi za chuo ambazo mtoto anasoma akiwa sekondari zinapata nyongeza sawa na AP? Kwetu wamemwandikisha mbili na hakuna aliyenieleza.